Sidiai mbili zinazofanana: ninachouliza kabla ya kutuma spea

Ninauza spea za pikipiki Kariakoo, na siku hizi wateja wangu wengi sijawahi kuwaona sura. Wanachonitumia ni picha. Kifaa kimewekwa juu ya kiti cha pikipiki, au kwenye kiganja chenye oili, na chini yake ujumbe mfupi: "Dada, hiki kipo? Bei gani?" Kwa vifaa vingi picha inanitosha. Kebo ya klachi, wenzo wa breki au taa ya nyuma ninaitambua kwa umbo, nauliza jina la pikipiki, naweka kwenye boksi. Pistoni inataka kitu kimoja zaidi, namba iliyogongwa kwenye injini. Kwenye injini za Kichina namba hiyo inasema mengi: 162FMJ, kwa mfano, maana yake ni silinda moja, kipenyo cha milimita 62, inayopozwa kwa hewa, ya pikipiki, ya daraja la sisi 150. Ukinipa hiyo, pistoni nishaijua bila hata kuiona ya zamani.

Kwa sidiai sivyo. Sidiai ni kile kisanduku cheusi cha plastiki kinachoandikwa CDI, kinachokaa chini ya kiti au chini ya tangi na kuamua cheche itoke lini kwenye plagi. Unaweza kunipiga picha yake pande zote sita, ikatoka safi, na bado nisijue nikutumie ipi. Namba ya injini nayo hainisaidii, kwa sababu injini ileile ya 162FMJ kiwanda kimoja kinaifunga mfumo huu na kingine kinaifunga mfumo ule. Asili ya injini hizi, zinazoitwa CG, ni Honda ya miaka ya 1970, lakini leo zinatoka kwenye viwanda vingi vya China, hasa Chongqing, na kila kiwanda kina maamuzi yake kuhusu umeme. Pikipiki mbili zinazofanana kuanzia tangi mpaka madigadi zinaweza kuwa na nyaya tofauti kabisa ndani.

Nitaeleza kwa mfano wa fundi mmoja wa Mlimba, kwa sababu yake ilikuwa na karibu kila kitu kinachoweza kutatiza.

Alinitumia picha ya sidiai yenye soketi mbili, moja ya pini nne na nyingine ya pini mbili. Stika ilishabanduka zamani, limebaki doa la gundi. Upande wa chini, ile gundi ngumu nyeusi wanayoimimina kiwandani kufunika vifaa vya ndani ilikuwa imevimba na kupasuka, ufa unatoka kona hadi kona. Aliandika kwamba pikipiki ilizima ghafla njiani, plagi haina cheche hata kidogo, ni ya bodaboda na mwenyewe anamsumbua. Akamalizia, "Nitumie leo dada, basi la Ifakara."

Kwenye rafu yangu nilikuwa na maboksi mawili ambayo yote yangeingia kwenye soketi zake bila kulazimisha. Umbo moja, pini sita, rangi moja. Moja ni ya AC, nyingine ni ya DC.

Sidiai zote hufanya kazi kwa kujaza umeme mkubwa kwenye kapasita halafu kuuachia kwa mkupuo uende kwenye koili ya plagi. Tofauti iko pale umeme huo unapotoka. Kwenye mfumo wa AC, ndani ya magneto kuna koili maalumu yenye waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na injini ikizunguka koili hiyo inatoa volti nyingi, kirahisi zaidi ya 100 ukivuta mafuta. Sidiai inaupokea umeme huo moja kwa moja na haina habari na betri. Kwenye mfumo wa DC hakuna koili hiyo. Sidiai inapewa volti 12 za betri kupitia swichi ya ufunguo, na ndani yake mna transfoma ndogo inayozipandisha mpaka mamia.

Sasa ukichanganya. Sidiai ya AC ukiifunga kwenye pikipiki ya DC, inapata volti 12 ambazo haziwezi kuijaza, kwa hiyo hakuna cheche. Fundi anapiga simu: "Umenitumia mbovu." Si mbovu, imekosa chakula. Hasara hapo ni nauli ya mzigo na siku iliyopotea. Kinyume chake ndiyo balaa: sidiai ya DC kwenye pikipiki ya AC inapigwa na volti ambazo haikuumbwa kuzibeba, inakufa palepale, na kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa hakuna duka linalokirudisha. Wapo wanaojaribu kutambua kwa uzito, wakisema ya DC ni nzito kwa sababu ya transfoma. Nimeshika nyingi mkononi na sithubutu kuuza kwa kigezo hicho, maana kiasi cha gundi inayomiminwa ndani peke yake kinatosha kubadili uzito.

Kwa hiyo nilimjibu kwamba picha ya sidiai imetosha, sasa nataka picha ya pale ilipochomolewa. Nikamwomba soketi za upande wa pikipiki zitazame kamera, kiklipu cha kufungia kikiwa juu, na nyaya zionekane zinavyoingia kwa nyuma. Kiklipu nakisisitiza kwa sababu bila hicho sijui picha imegeuzwa au la, na kushoto ya soketi inakuwa kulia. Pia namwambia fundi azime flashi na atoke nje kwenye kivuli. Flashi kwenye waya wenye vumbi na oili inafanya buluu ionekane nyeusi na kijani ionekane kijivu, na hapa rangi ndiyo lugha yenyewe.

Pikipiki nyingi za Kichina zinafuata rangi za Honda. Kijani ni ethi. Nyeusi mtupu ni umeme wa betri uliopita kwenye swichi. Mweusi wenye mstari wa njano unakwenda kwenye koili ya plagi. Buluu wenye mstari mweupe, au wa njano, unatoka kwenye pikapu, ile koili ndogo inayoipa sidiai taarifa kwamba pistoni imefika. Kisha kuna nyaya mbili za kuangalia kwa makini. Mweusi wenye mstari mwekundu ni wa koili ya magneto, na mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Nikiona mweusi-mwekundu na mweusi-mweupe, akili yangu inaenda kwenye AC. Nikiona mweusi mtupu unaingia kwenye soketi ya sidiai na mweusi-mwekundu haupo, naenda DC.

Picha ikaja. Soketi ya pini mbili ilikuwa salama. Ile ya nne ilikuwa imekatwa na kuungwa upya, na aliyeiunga alitumia waya aliokuwa nao, nadhani wa spika: mwekundu wote, nyaya tatu, zimefungwa kwa tepu. Rangi zote za maana zilikuwa zimefichwa huko nyuma ndani ya mshipa wa nyaya. Bodaboda iliyopita kwenye mikono ya mafundi wengi huwa hivi, na ndiyo sababu sipeleki mzigo kwa rangi peke yake.

Nikamuuliza swali ambalo napenda aulizwe dereva badala ya fundi: betri ikiisha kabisa, pikipiki hii ilikuwa inawaka kwa kiki? Ya AC huwaka hata betri ukiitoa ukaiweka chini. Ya DC betri ikifa kabisa, kiki utapiga mpaka mguu uume. Jibu likaja kwamba ilikuwa "inawaka kwa shida". Hilo si jibu baya, ila halikati. Betri iliyochoka lakini haijafa inaweza kubakiza volti za kuamsha sidiai ya DC ukipiga kiki ya nguvu, wakati stata haigusi. Kama angesema waliwahi kuendesha bila betri kabisa, ningefunga boksi la AC bila kuuliza zaidi.

Ikabaki kupima. Fundi alikuwa na mita, ile ya njano ya bei ndogo, na inatosha kabisa. Nilimwandikia hivi: sidiai iache imechomolewa. Mita iweke DC volti 20. Waya mweusi wa mita ubane kwenye ethi safi ya injini, wala usiwe kwenye fremu yenye rangi. Washa ufunguo bila kupiga stata, kisha gusa pini za soketi ya pikipiki moja moja kwa waya mwekundu wa mita. Pini ikisoma karibu na volti za betri, tumemaliza, ni DC. Zote zikisoma sifuri, hamisha mita iende AC volti 200, rudia pini moja moja huku msaidizi anapiga kiki. Pini inayoruka mpaka volti 40 na kuendelea ndiyo ya koili ya magneto, na pikipiki ni ya AC. Nikamwonya asishike pini hiyo kwa kidole wakati wa kiki, maana inatingisha mkono vibaya.

Kama angekuwa hana mita, ningemwambia atumie balbu ya indiketa na nyaya mbili. Ikiwaka ufunguo ukiwa umefunguliwa, ni DC. Ila balbu ina upungufu: isipowaka hujui kama pikipiki ni ya AC au ni ya DC yenye fyuzi iliyokatika au swichi mbovu. Inathibitisha upande mmoja tu.

Baada ya muda akatuma picha ya mita. Inasoma 12.4, na waya mwekundu wa mita umechomekwa kwenye mmoja wa zile nyaya za spika. DC. Namba hiyo ilinipa na zawadi nyingine: swichi ni nzima, fyuzi ni nzima, umeme unafika mlangoni kwa sidiai.

Hapo wengi wanauza na kuhesabu pesa. Mimi huwa nauliza kitu kimoja zaidi, kwa sababu cheche kukosekana hakumaanishi sidiai imekufa. Pikapu ikikatika dalili ni ileile. Nilimwambia azime ufunguo, aweke mita kwenye omu, apime kati ya waya wa pikapu na ethi. Pikapu nzima za aina hii husoma kati ya 100 na 200 hivi. Ikisoma kitu kisicho na mwisho, imekatika, na sidiai mpya haitasaidia. Yake ilisoma 140 na kitu. Umeme unafika, pikapu inaongea, na gundi ya sidiai imepasuka. Sasa nilikuwa tayari kuamini kwamba mgonjwa ni yule wa kwenye picha ya kwanza.

Lakini ule uvimbe haukuniacha. Sidiai ya AC nyingi zinakufa kwa uzee na maji. Ya DC inapovimba namna ile imekuwa ikila umeme wa moto kwa muda, na umeme wa moto kwenye mfumo wa volti 12 unatoka sehemu moja, yaani chaji iliyozidi. Kazi ya kuizuia ni ya rektifaya. Nikamuuliza dereva anabadilisha balbu za indiketa mara ngapi. "Kila mara," alijibu, kama vile kila pikipiki iko hivyo. Na maji ya betri? Yanaisha haraka, anaongeza kila anapokumbuka. Kwa dalili hizo mbili ningemtumia sidiai peke yake, angenipigia baada ya wiki chache akisema spea zangu hazidumu.

Fundi akataka nimtumie na rektifaya kwenye mzigo huohuo, nauli iwe moja. Akatuma na picha: kipande cha alumini chenye mapezi, soketi ya pini nne. Kwa haraka ungesema ni ya kawaida ya CG: kijani ethi, mwekundu betri, na nyaya mbili za magneto, moja ya chaji na moja ya taa. Ila nazo zina mtego uleule wa sidiai. Kuna rektifaya za pini nne zenye soketi moja ambazo pini zake zimepangwa tofauti, na ukibandika yenye mpangilio mwingine unaweza kupeleka umeme wa magneto pale palipostahili ethi. Kwa picha ya upande wa mapezi sikuweza kuona mpangilio. Nikamwambia tutume sidiai kwanza, rektifaya isubiri vipimo, kwa sababu kuongeza kitu cha kubahatisha juu ya kitu tulichokihakiki ni kuharibu kazi. Hakufurahi sana. Hata hivyo nilimpa sharti: ukifunga, washa, usimkabidhi dereva mpaka upime betri.

Sidiai ilipanda basi jioni ile, imefungwa kwenye karatasi ya boksi, na juu yake nimeandika DC kwa kalamu nene. Hilo nalo nimelizoea. Mzigo ukifika, anayeupokea si lazima awe yule niliyeongea naye, na sitaki mtu aione sidiai isiyo na maandishi kwenye meza ya fundi akaijaribu kwenye pikipiki nyingine "kuona kama nzima".

Ikawaka. Alinirekodia sauti ya injini, ambayo kwa kweli hainiambii chochote, halafu akapima betri kama tulivyokubaliana. Injini ikizunguka taratibu ilisoma 13.9. Akivuta mafuta ikapanda 15, ikapita, ikasimama 15.8. Pikipiki yenye chaji nzuri huishia 14 na nusu hivi hata ukivuta. Nikamwambia azime kabla sidiai mpya haijaanza kuchemka.

"Si nilikwambia rektifaya?" akasema.

Huenda, nikamjibu, ila pima jambo moja la bure. Rektifaya haina macho. Inajua betri imeshiba kwa kulinganisha waya wake mwekundu na wa kijani. Kama kijani kimeshika kutu njiani, inasoma pungufu kuliko ilivyo kwenye betri na inaendelea kusukuma. Aweke mita DC, ncha moja kwenye waya wa kijani pale unapoingia rektifaya, ncha nyingine kwenye hasi ya betri, avute mafuta kidogo. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikifika hata nusu volti, ethi ni mbovu.

Ilisoma zaidi ya volti moja. Akaufuata waya wa kijani mpaka unapofungwa kwenye fremu chini ya tangi. Alinipigia picha, na safari hii picha ilitosha yenyewe: bolti yenye kutu ya rangi ya matofali, na chini ya kitanzi cha waya rangi ya fremu bado ipo, haijawahi kukwanguliwa. Mtu alipaka rangi fremu akafunga ethi juu ya rangi. Wakakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, wakafunga kwa bolti mpya na kupaka grisi juu. Akawasha, akavuta, akanitumia picha ya mita: 14.3.

Rektifaya niliyokuwa nimemwekea pembeni niliirudisha kwenye rafu. Akaniuliza basi namdai nini, kwa kuwa nimempa ushauri na nimekosa kuuza. Nikamwambia anipigie picha soketi ya rektifaya yake kwa upande wa pini, kiklipu juu, aihifadhi kwenye simu pamoja na ile ya 12.4, ili siku ikifa kweli tusianze upya.